Inawaka, haiunguzi: kisa cha slogani ya taa iliyogoma kutafsirika

Nilichokificha

Jina la kampuni silitaji, nchi ya makao makuu silitaji, na mwaka nauacha vilevile. Slogani ya Kiingereza nimeibadilisha kidogo ili isitafutike mtandaoni, ila mchezo wake wa maneno ni uleule. Za Kiswahili na Kifaransa nazileta karibu kabisa na zilivyokuwa manake bila hizo hakuna kisa.

Kazi ilivyoletwa

Mteja anauza taa ya sola ya nyumbani: paneli moja, boksi la betri, balbu tatu na waya ya kuchajia simu. Unatanguliza kiasi kidogo halafu unalipia kila siku kwa simu mpaka deni liishe, na usipolipa taa inazimwa kwa mbali. Soko lake lilikuwa Tanzania, Kenya, na upande wa Kivu kule Kongo, kwa hiyo alitaka Kiswahili na Kifaransa. Slogani ya Kiingereza ilikuwa maneno manne: "Light on your pocket."

Kwa asiyekizoea Kiingereza, neno la kwanza lina maana mbili ambazo hazina undugu wowote. Ni taa au mwanga, na pia ni kitu chepesi, kisicho na uzito. Kwa hiyo ukisoma mara moja unapata "haikulemei mfukoni", yaani bei nafuu, na papo hapo unaona bidhaa ni taa. Neno moja linafanya kazi ya watu wawili, ndo maana mteja aliipenda sana na alishailipia huko kwao.

Kazi ilikuja kwa idara yao ya manunuzi, na hapo ndo ujue mambo yameanza vibaya, manake manunuzi wanahesabu maneno. Maneno manne mara lugha mbili ni maneno nane. Kwa reti waliyozoea ya senti kumi za dola kwa neno, kaulimbiu ambayo ingechapwa kwenye mabango ya nchi tatu ilikuwa na bajeti ya senti themanini. Sitanii, oda ilisomeka hivyo. Nikawajibu kwamba hii si tafsiri ya kuhesabu maneno, ni kuunda upya, watu wa matangazo wanaiita transkriesheni, inalipwa kwa masaa, na nikaomba masaa kumi na mbili kwa lugha zote mbili pamoja na kujaribisha kwa watu. Wakanyamaza wiki nzima.

Katika wiki hiyo wakampa mtu mwingine.

Rasimu ya kwanza, ile ya neno kwa neno

Mtu mwenyewe simlaumu. Aliambiwa tafsiri, akatafsiri, na kilichorudi kilikuwa sahihi kisarufi kabisa: "Mwanga mwepesi kwa mfuko wako." Kifaransa: "Une lumière légère pour votre poche." Dizaina wa huko kwao akachukua maneno hayo akayabandika juu ya picha ya bango la Kiingereza, ambayo ilikuwa mfuko wa shati na unyoya mmoja mweupe unaoelea juu yake. Unyoya ni wepesi, si unaona, kwao inaeleweka haraka.

Meneja wa soko wa Tanzania alipoona akanitumia picha wasap saa nne usiku na maneno mawili tu: "Hiki nini?"

Nikaanza kumweleza kwa voisinoti na nikajikuta naeleza vitu vinne kwa mpigo, ngoja niviweke hapa taratibu.

Cha kwanza, mwanga mwepesi kwa Kiswahili si mwanga wa bei rahisi. Ni mwanga hafifu. Kitu chepesi kwetu kinaweza kuwa kisicho na uzito, au cha haraka, au kisicho na nguvu, kama chai nyepesi. Ukimwambia mtu anayehama kutoka kwenye koroboi kwamba unamuuzia mwanga mwepesi, umemwambia abaki na koroboi yake. Na Kifaransa kina tatizo hilohilo, lumière légère ni mwanga mdogo.

Cha pili ni mfuko. Kwa Kiswahili tunasema mfuko umetoboka, mfukoni hakuna kitu, sawa, pesa inakaa mfukoni. Lakini ukiweka mwanga na mfuko pamoja msomaji anaona tochi. Kifaransa ndo kabisa, taa ndogo ya mkononi inaitwa lampe de poche, yaani lumière na poche zikikaa sentensi moja umeshauza tochi. Na mfuko wa pesa kwa Kifaransa mara nyingi unasemwa kwa neno bourse, kama kwenye msemo à la portée de toutes les bourses, kitu ambacho kila mtu anakimudu.

Cha tatu ndo kilichomfanya meneja acheke mpaka akakohoa. Mwanga kwa Kiswahili ni nuru, lakini mwanga pia ni mtu. Ni yule anayetoka usiku akiwa uchi kuwanga, wingi wao wanga. Kwa kawaida sentensi yenyewe inakuokoa, manake nuru "umeingia" na mchawi "ameingia", kitenzi kinatenganisha. Ila kichwa cha tangazo hakina kitenzi. Na ukiangalia kilichobaki, "mwepesi" ni uleule kwa nuru na kwa mtu, na hata ungeongeza "wa" au "wako" zingekuwa zilezile, ngeli mbili zinavaa nguo moja. Kwa hiyo "mwanga mwepesi" bila kitenzi inaweza kusomwa mchawi mwepesi wa miguu. Niseme ukweli, asilimia kubwa ya watu wangesoma nuru na kupita zao, na Nairobi maana ile ya pili wengi hata hawaijui. Lakini weka juu yake unyoya mweupe mmoja unaoelea gizani halafu peleka bango Pwani au Unguja, uone. Mwanga na unyoya. Hilo si tangazo la sola tena, hicho ni kilinge.

Cha nne nikamwambia picha nayo ni tafsiri. Unyoya ulikuwepo kwa sababu ya neno la Kiingereza, neno likiondoka unyoya hauna sababu ya kubaki.

Kesho yake saa tatu asubuhi masaa yangu kumi na mbili yakapitishwa.

Tulivyoanza upya

Upande wa Kifaransa nilimwita mwenzangu mmoja, dada mzaliwa wa Bukavu, anaandika matangazo ya redio kwa Kifaransa na Kiswahili cha kwao. Kabla hatujaandika neno lolote tulikubaliana tumuulize mteja kitu ambacho oda yake haikusema: katika hizi maana mbili, ukilazimika kupoteza moja, upoteze ipi? Swali linaonekana dogo ila ndo lililobeba kazi yote. Watu wengi wanaanza kutafuta maneno ya kuchezea kabla hawajajua wanacheza kwa ajili ya nini, halafu wanarudi na kitu kizuri ambacho hakiuzi.

Jibu lake lilikuwa kwamba bei haipotei. Watu wanaona taa ni taa, picha inatosha kwa hilo, ila wanaamini sola ni ya matajiri. Kwa hiyo mstari lazima useme haikuumizi kwenye pesa, na mchezo wa maneno utoke kwenye ulimwengu wa mwanga, hata ukitokea mlango mwingine. Masharti mengine: usizidi maneno sita, usomeke kwa sauti ndani ya sekunde mbili manake unafunga tangazo la redio, usimuite mtu tajiri wala maskini, na usiahidi kitu ambacho taa haifanyi.

Hapo tukaachana na neno la Kiingereza kabisa. Tulijiuliza tu, Mswahili akizungumzia taa anatumia vitenzi gani na vipi kati ya hivyo vinazungumzia pia pesa.

Kiswahili

Nilijaza karatasi mbili. Kucha, kumulika, kung'aa, kuzima, kuwaka, kuungua, giza, kweupe. Kweupe ilinivutia kidogo manake kweupe ni pasipo giza, lakini mfukoni kweupe ni mfukoni hamna kitu, yaani nilikuwa naelekea kumwambia mteja taa hii itakuacha mweupe. Nikaifuta. Kumekucha ilikuwa tamu ila kila duka lililofungua mlango mpya limeshaitumia.

Nikabaki na kuwaka na kuungua, na kadiri nilivyokaa nazo ndivyo nilivyoona Kiswahili kimeshafanya kazi yenyewe. Kuwaka ni raha ya moto: moto unawaka, taa inawaka, jua linawaka, simu imewaka. Kuungua ni hasara ya moto: wali umeungua, shati limeungua, na mwenye matumizi mabaya ameunguza hela. Vitenzi viwili vya moto uleule, kimoja unakitaka na kingine hukitaki. Na mtu anayetumia koroboi au kibatari hawezi kupata kimoja bila kingine, inawaka na inaunguza, inaunguza mafuta ya taa ya kila jioni, na mara nyingine inaunguza pazia.

Kwa hiyo: "Inawaka, haiunguzi."

Maneno mawili. Ukiisema ni silabi nne halafu tano, ya kwanza inakubali na ya pili inakataa, inakaa mdomoni kama kitendawili na jibu lake. Maana zilizomo ni tatu badala ya mbili za Kiingereza: haiunguzi pesa, haiunguzi mafuta, haiunguzi nyumba. Hiyo ya tatu sikuitafuta, imekuja yenyewe, na baadaye ndo ilituletea kesi.

Nilipeleka chaguzi tatu kama kawaida. Nyingine mbili zilikuwa "Washa kwa buku" ambayo ni ya Bongo tu, na bei ikipanda imekufa, na "Giza lina gharama" ambayo ilikuwa nzuri kama kichwa cha habari ila inatisha. Sipendi kupeleka chaguzi za kujazia kwa kweli, mteja huwa ana kipaji cha kuchagua ile uliyoiweka ili ikataliwe. Kwa hiyo zote tatu ziwe unazoweza kusimama nazo.

Kifaransa

Dada alianza na "Le courant passe", ambao ni msemo wa Kifaransa wa watu wawili wanaoelewana haraka, na neno kwa neno ni umeme unapita. Kwenye karatasi ni safi sana. Akaurekodi na kuwatumia jamaa zake sita wa Kivu bila maelezo, akawauliza tu hili tangazo la nini. Mmoja akajibu kwa Kiswahili, "Ni kweli dada, courant inapita, haikai." Mezani kwetu ikawa kicheko ila slogani ikafa palepale, manake kule courant ni umeme wa shirika, unaokuja na kuondoka na délestage zake, yaani mgao wa umeme, na sisi tulikuwa tunauza kitu kinachotakiwa kukaa. Pia haikusema lolote kuhusu bei, na mteja alishatuambia bei haipotei. Ile ya Ufaransa ingefanya kazi Ufaransa, sina shaka.

Ya pili ilikuwa "Payez petit à petit, voyez grand." Lipa kidogo kidogo, ona makubwa, na voir grand ni kuwa na ndoto kubwa. Nzuri, ina malipo ya kila siku ndani yake, ila ni ndefu, na ndoto kubwa kwa balbu tatu tuliona tunampandisha mtu mlima.

Ya tatu ndo iliyoshinda: "Un prix clair comme le jour." Clair comme le jour ni msemo wa kila siku, kitu kiko wazi kama mchana. Bei iko wazi kama mchana, na taa inageuza usiku mchana, na ni taa inayokula jua mchana. Mwanga, bei na sola vimekaa ndani ya msemo ambao mtu aliujua tangu shule. Haina wewe ya Kifaransa, iwe tu au vous, kwa hiyo haimlazimishi mtu wa bango kuchagua kati ya kuwa rafiki na kuwa mtu wa ofisini.

Angalia lakini kilichotokea: Kiswahili kinasema haikuumizi, Kifaransa kinasema haikufichi. Hizo si ahadi moja. Tuliijadili karibu saa nzima. Dada akasema kaka, kwetu mtu hakatai kitu cha mkopo kwa sababu ya ukubwa wa bei, anakataa kwa sababu hajui deni litaisha lini, bei inasemwa kwa dola inalipwa kwa faranga na kila siku hesabu inabadilika. Nikakubali. Tukamwandikia mteja wazi kwamba maana imehama na kwa nini, badala ya kuificha tukitumaini hataona.

Mkwamo wa tafsiri ya kurudisha

Mteja asiyejua lugha anaomba umrudishie kwa Kiingereza ili ajue anachonunua. Ni haki yake. Tatizo ni kwamba mchezo wa maneno ukirudishwa neno kwa neno unakufa kama utani unaoelezwa. "Inawaka, haiunguzi" ikirudi Kiingereza inasomeka kama kitu kimeshika moto lakini usijali. Yule bosi wa huko akaandika imeili ya mstari mmoja akiuliza kama tunamshauri auze taa kwa kuwaambia watu kwamba inaungua.

Nilikosea mimi hapo. Nilijua itatokea na bado nilipeleka safu moja tu ya tafsiri. Nikarudi na shiti yenye safu tatu kwa kila mstari: maneno yalivyo, anachokisikia msikilizaji, na mahali kila neno linatumika kwa kawaida. Kwenye safu ya tatu niliweka tu mifano mifupi, taa inawaka, simu imewaka, wali umeungua, ameunguza hela. Na nikaambatisha rekodi ya sekunde mbili ya mtu akiisoma jinsi itakavyosikika redioni. Nadhani rekodi ndo iliyomaliza kazi, hata asiyejua lugha anasikia mapigo. Jibu likaja siku hiyohiyo: endeleeni.

Wanasheria

Wakaja na hoja ambayo kwa kweli ni ya maana. Haiunguzi haina kitu inachokitenda. Haiunguzi nini? Isiposemwa, inamaanisha haiunguzi chochote kamwe, na ndani ya boksi kuna betri ya lithiamu. Mtu akiungua vidole bango linakuwa ushahidi.

Walitaka iwe "Inawaka, haiunguzi mfuko wako." Nikaisoma kwa sauti mara tatu na ilikuwa inachechemea, nusu ya kwanza silabi nne, ya pili kumi, na umeshamtafunia msomaji utamu wote. Tulichokubaliana ni kuacha mstari mkubwa ulivyo na kuweka mstari wa pili chini yake, ambao hauruhusiwi kutenganishwa nao kwenye bango wala redioni: "Lipa kidogo kidogo, mfuko usiungue." Huo unaifunga maana kwenye pesa, na wanasheria wakalala. Kwa Kenya tukaubadilisha kuwa "Lipa mdogo mdogo" manake ndivyo wanavyosema.

Kujaribisha

Tuliwasikilizisha watu kumi na wawili, Dar, Mwanza, Mombasa na Nairobi, tatu tatu. Ni wachache, haithibitishi kitu kikubwa, ila kazi ya jaribio la namna hii ni kunasa aibu kabla haijachapwa, na aibu mara nyingi mtu wa tatu ameshaiona. Swali lilikuwa lilelile la dada, hili tangazo la nini, halafu, linakuahidi nini.

Nairobi vijana walicheka kwenye "inawaka" manake kwao mtu akiwaka amelewa. Nikauliza, sasa taa imelewa? Wakasema hapana, taa ni taa, inachekesha tu. Kicheko cha namna hiyo hakina madhara, ukiuliza ahadi wanakujibu sawasawa, kwa hiyo tukaiacha. Mmoja alipendekeza "haichomi" badala ya haiunguzi, akisema ndo neno la mtaani kwao. Ningeikubali kama si ile hela, manake mtu "kuunguza hela" iliwaelea wote na haichomi ilibakisha moto tu.

Kivu, nje ya hao kumi na wawili, walielewa Kiswahili chetu moja kwa moja ila wakasema hicho ni Kiswahili bora, cha redio. Kwa bango tukatumia Kifaransa, na Kiswahili tukakiacha kwa redio ambako hakiwashangazi.

Kilichotokea mtaani

Bango la Tanzania lilikaribia kuharibika dakika ya mwisho. Dizaina alikuwa hajui Kiswahili, fonti aliyochagua haikukubali kunakili kutoka kwenye faili letu, akaandika kwa mkono herufi kwa herufi. Proof ikaja: INAWAKA, HAIUNGUI.

Herufi moja. Haiunguzi ni kwamba taa haimuunguzi mtu wala kitu. Haiungui ni kwamba taa yenyewe haiungui, na kwetu balbu iliyokufa ndo tunasema imeungua. Yaani ile Z ikidondoka umempa kila mteja garantii ya maisha kwa balbu yenye garantii ya miaka miwili. Na ubaya wake ni kwamba ni Kiswahili sahihi kabisa, hakuna programu ya kukagua tahajia ingepiga kelele, na mtu anayesoma haraka ataiona sawa. Meneja aliyeniandikia usiku ule ndo aliyeinasa, kwa sababu alikuwa ameshaisema redioni mara nyingi na ulimi wake ukakwama. Tangu hapo natuma slogani kama maandishi na pia kama faili la fonti iliyogeuzwa michoro, asiyejua lugha asipate nafasi ya kuandika.

Picha ilibadilika. Unyoya ukaondoka, ikawa mama anashona usiku na koroboi imezimwa pembeni, moshi wa mwisho unapanda. Dizaina alitaka kuweka miali ya moto nyuma ya taa ili iendane na inawaka, tukamkatalia, manake moto ukionekana kwenye picha haiunguzi inageuka kuwa uongo mbele ya macho ya mtu.

Kongo mambo hayakwenda vizuri hivyo, na hapa naona tulifanya nusu ya kazi. Tulishamwambia mteja kwamba ukiandika bei iko wazi kama mchana lazima bei yote iwepo kwenye bango: ya kutanguliza, ya kila siku, siku ngapi, na jumla. Akakubali. Wachapaji wa toleo la kwanza wakapewa bei hizo kwa faranga, thamani ya faranga ikasogea kabla mabango hayajabandikwa, mtu fulani ofisini akaamua afadhali mstari wa bei ukatwe. Mabango yakatoka yakiwa na "Un prix clair comme le jour" na chini yake hamna bei yoyote. Mawakala walisimangwa. Watu walikuwa wanasimama mbele ya bango wanauliza, jour gani hiyo, ya leo au ya kesho? Toleo la pili likawa na jumla kwa dola na mahali peupe ambapo wakala anaandika faranga za wiki kwa maka, na kelele zikaisha.

Kuhusu mauzo sisemi kitu. Kipindi hichohicho walipunguza kiasi cha kutanguliza, kwa hiyo anayedai slogani ndo iliuza anajipendelea.

Ninavyoiona sasa

Kilichotusaidia zaidi ni lile swali la upoteze maana ipi. Bila hilo ningekuwa bado natafuta neno la Kiswahili lenye maana ya mwanga na wepesi kwa pamoja, na halipo. Haribo, kampuni ya peremende ya Kijerumani, ni mfano mzuri kwenye hili: slogani yao ya Kijerumani ina vina vya froh, yaani mwenye furaha, na ebenso, yaani vilevile, Kifaransa wakasema "Haribo, c'est beau la vie, pour les grands et les petits", maneno mengine kabisa na kina chake chenyewe, kilichobaki ni wimbo na wazo la wadogo na wakubwa. Hakuna aliyejaribu kuibeba froh mpaka Paris.

Kilichotuangusha ni kudhani kwamba kazi inaisha slogani ikikubaliwa. Kwenye Kifaransa tulichagua neno linalodai ushahidi. Clair ni neno la madai, unaposema kitu kiko wazi unamwalika mtu achungulie. Haiunguzi inavumilia bango lisilo na bei, clair haivumilii. Tulilisema hilo kwa imeili, ilhali lilitakiwa liwe sharti kwenye faili lenyewe la kuchapa, kwamba mstari huu hauchapwi bila mstari ule, kama tulivyofanya kwa wanasheria upande wa Kiswahili. Tulikuwa na dawa mkononi tukaitumia kwa mgonjwa mmoja.

Na lile la maana mbili kuhama, moja haikuumizi nyingine haikufichi, bado naona tulikuwa sawa, ingawa mwenzangu mmoja wa eijensi ananiambia mpaka leo kwamba kampuni moja haitakiwi kuahidi vitu viwili. Labda kama nchi zote tatu zingekuwa mbalimbali sana. Ila redio hazina mpaka, na miezi michache baadaye dada alinitumia klipu kutoka kwao. Mtangazaji wa asubuhi alikuwa amepewa skripti ya Kiswahili aisome, akaisoma vizuri mpaka mwisho, "Inawaka, haiunguzi", halafu akaongeza lake bila kuulizwa na mtu, "na prix iko clair, clair comme le jour!"

Mteja akaniandikia kuuliza nani ameidhinisha hiyo.

Nikamjibu hakuna. Akakaa kimya siku mbili, kisha akaomba iwekwe kwenye skripti ya mwezi unaofuata, na idara ya manunuzi ikaniletea oda ya maneno nane.